Madoa ya Ng'ambo ya Mtaro

Ripoti niliiandika mwenyewe, na nilipoimaliza niliridhika nayo hadi nikajipongeza kwa kikombe cha pili cha chai. Kurasa kumi na nne, picha hamsini na tatu, na kwenye ukurasa wa mwisho mstari mmoja usio na kona: "Chanzo: seli zimepasuka kwa kukanyagwa wakati wa kuosha paneli." Nikampelekea Injinia, mama anayesimamia kituo chetu cha umeme wa jua. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi Mama Povu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yangu, brashi mkononi, uso ameukunja.

Mama Povu ndiye mkuu wa waosha paneli. Jina hilo ni la utani tu, maana paneli zetu hazigusi sabuni hata tone. Ni maji safi, brashi laini yenye mpini mrefu, na subira. Kazi hiyo ameifanya miaka sita, tangu kituo kifunguliwe, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Hata siku hiyo hakuipandisha.

"Kreni," akaniita. Hilo nalo ni la utani, ni langu, na chanzo chake nitakifikia. "Nimeambiwa Jumatatu nirudishe buti na brashi. Eti nimewavunjia paneli."

"Mama, mimi sikutaja jina la mtu."

"Waosha paneli tuko wanne. Watatu nimewatafuta mimi, nikawafunza mimi. Ulipoandika hivyo, ulidhani unamwaga unga wa nani?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Mke wangu husema nachemka kama birika la umeme, halafu najizima mwenyewe. Nilikuwa nimesomea ile kazi miezi minne, nina cheti cha kurusha droni na kingine cha kusoma picha za joto, na sasa mtu wa brashi ananihoji. Nikamvutia kiti kwa kishindo, nikafungua kompyuta.

"Njoo uone mwenyewe," nikamwambia.

Nikamwonyesha. Kamera ninayoifunga chini ya droni haijali rangi ya kitu, inasoma joto lake. Paneli nzima huonekana ya rangi moja, zambarau iliyotulia. Kwenye picha zangu, katikati ya zambarau hiyo, kulikuwa na vijiraba vya njano vinavyong'aa, kimoja kwenye paneli hii, kimoja au viwili kwenye ile. Kila kijiraba ni seli moja iliyopata joto kuliko wenzake, nyuzi ishirini zaidi, nyingine hata thelathini.

"Seli za paneli zimeungwa moja nyuma ya nyingine," nikamweleza, "kama watu wamejipanga wanapokezana ndoo za maji. Mmoja akiumwa mkono, ndoo za wenzake zinamrundikia yeye. Seli ikipasuka ndiyo hivyo, umeme wa wenzake unaishia kwake na kugeuka joto. Hayo ndiyo madoa ya joto. Na seli inapasuka kwa sababu kuna mtu ameikanyaga."

"Zote hizi?"

"Huu ni mguu wa nani?"

Nilikuwa nimemwekea akiba ya mwisho. Droni hupiga na picha za kawaida sambamba na zile za joto, na kwenye picha ya kawaida ya paneli moja ya safu ya thelathini na tatu kulikuwa na alama ya buti, tope limekauka, hata mistari ya soli inahesabika. Mama Povu akaisogelea. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa tena.

"Wangu," akasema. "Kichwa cha brashi kilichomoka kikanasa juu. Nikapanda kukitoa. Nilikanyaga fremu, ule ukingo wa chuma. Kioo sikukigusa."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo huu huu. Nikilikumbuka natamani ningekuwa nimejing'ata ulimi.

Yeye akaegemea kiti. "Doa lako liko wapi kwenye paneli hiyo?"

Nikaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Alama ya buti ilikuwa pembeni chini kabisa, nusu yake juu ya fremu kweli. Doa la joto lilikuwa katikati ya paneli, karibu mita nzima kutoka hapo.

"Joto husafiri," nikasema.

Nilijua nimeropoka hata kabla sijafunga mdomo. Joto la seli halirukii mita nzima likatua penye seli nyingine na kuacha njia nzima ya katikati imepoa. Mama Povu hakuyajua hayo ya kitabuni, lakini amekaa na watu maisha yake yote na anamjua mtu anayejitetea.

"Basi kesho tunaosha zote alfajiri, wewe unapiga tena," akasema. "Yakibaki madoa yako yote, Jumatatu buti nitazileta mwenyewe, wala hutasikia neno. Sawa?"

Sikuwa na pa kukwepea, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kabla hujaandika kwamba seli imepasuka, paneli ioshwe, halafu ipigwe tena. Mimi nilikuwa na haraka. Injinia alikuwa ananipigia hesabu ya kunipa ukaguzi wa vituo vitatu, na nilitaka ripoti ya kwanza itue mezani kwake kabla ya wiki kuisha. Hatua hiyo nikairuka.

Ijumaa waliingia kazini jua halijachomoza, maana kioo cha moto hakimwagiwi maji ya baridi. Kufikia saa mbili walikuwa wamemaliza na paneli zimekauka. Mimi nikasubiri. Madoa hayaonekani vizuri mpaka jua liwe kali na seli zifanye kazi ya kutosha, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kipima jua mapajani, nikiangalia namba zikipanda. Saa nne na nusu mbingu ilikuwa nyeupe pee, upepo umetulia, kipima kinasoma zaidi ya wati mia nane kwa mita ya mraba. Nikarusha.

Mama Povu alisimama nyuma yangu wakati wote, anachungulia kioo cha rimoti. Hakuuliza kitu mpaka tulipofika kwenye doa la kwanza kabisa la ripoti yangu, lile nililolipamba kwenye ukurasa wa pili.

"Mbona linatembea?" akauliza.

Lilikuwa linatembea kweli. Droni ikisogea kushoto, doa nalo linasogea, linavuka kutoka paneli hadi paneli kana kwamba linatufuata. Doa la kweli halihami. Lile lilikuwa jua lenyewe linajitazama kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimelipiga kwa pembe mbaya nikaliandika kuwa ni seli iliyokanyagwa. Nikabadilisha pembe ya kamera, likapotea.

"Ni mng'ao," nikasema. "Si doa."

"Ahaa," akasema, basi.

Tukaendelea. Madoa kumi na moja hayakuwepo tena. Yalikuwa kinyesi cha ndege, kinaziba mwanga wa seli moja na kuipasha joto, na kimeondoka na maji ya alfajiri. Mawili mengine, nilipoyatazama kwa utulivu, hayakuwa madoa ya seli hata kidogo. Theluthi nzima ya paneli ilikuwa na joto kutoka juu hadi chini, na hiyo ni kesi ya dayodi, kile kidude cha kuelekeza umeme ndani ya kisanduku cha nyaya, haina uhusiano na mguu wa binadamu. Nilipotoa hayo yote kwenye hamsini na matatu, yakabaki thelathini na tisa. Kumi na manne nilikuwa nimemsingizia, tena kwa picha na maandishi.

Nilimwambia hivyo. Haikuwa rahisi, lakini nilimwambia.

"Na hayo thelathini na tisa?" akauliza.

"Hayo ni ya kweli, mama. Seli zimepasuka."

Akaitika kwa kichwa, akachukua ndoo aliyokuwa ameniazima. "Zote ziko ng'ambo ya mtaro," akasema akiondoka. "Umeona? Na mimi safu zote naosha kwa brashi hii hii moja."

Nilikuwa sijaona. Kituo chetu kinakatwa na mtaro mpana wa maji ya mvua. Safu ya kwanza mpaka ya thelathini ziko upande wa barabara, na safu nane za mwisho ziko ng'ambo. Nikapitia orodha yangu mara mbili. Yote thelathini na tisa yalikuwa kati ya safu ya thelathini na moja na ya thelathini na nane. Upande wa barabara hakuna hata moja.

Jioni hiyo nikiwa nyumbani, kabla chakula hakijaiva, nilichukua karatasi nikachora paneli moja, seli sita kwa upana na kumi na mbili kwa urefu. Kisha nikaanza kuweka nukta. Kila doa la kweli, popote lilipo kwenye safu, nililiwekea nukta mahali pake ndani ya mchoro huo mmoja. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anapinda gauni la mtu upande wa pili wa meza.

"Unatoboa karatasi," akasema.

Kweli nilikuwa naitoboa. Nukta zilikuwa zimelundikana katikati, juu ya seli nne tano tu, kiasi kwamba kalamu ilikuwa imepita. Pembeni kulikuwa kweupe. Nikamweleza hadithi yote, ya buti, ya waosha, ya Jumatatu. Akasitisha sindano akaivuta karatasi karibu.

"Mtu anayekanyaga ovyo hawezi kuwa na shabaha hivi," akasema. "Mimi nikiona nguo kumi zimechanika pahali pamoja, siulizi nani kavaa. Nauliza nani kashona."

Sikulala vizuri. Kuna kitu kilikuwa kinanigonga kichwani na sikitambui.

Jumamosi tulikwenda kubadilisha ile paneli iliyokuwa na joto kuliko zote, mimi na fundi umeme, bwana mmoja mnene mcheshi ambaye tumefanya kazi pamoja tangu zamani. Mbovu tulikuwa tumeshaishusha na kuilaza chini. Mpya ilikuwa kwenye gari, na gari haliwezi kuvuka mtaro, liliishia ukingoni. Nilikuwa nimeinama kwenye nyaya niliposikia fundi anaimba. Nikageuka. Alikuwa anavuka ubao wa mtaro, paneli kichwani, chini yake ngata ya kitambaa, mikono imeshika pembeni kidogo tu, kidevu juu. Anatembea kwa maringo kama bwana harusi.

Na paneli ilikuwa inapinda. Kila anapokanyaga, ncha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka, na katikati imekaa juu ya utosi wake pale pale.

"Simama," nikamwambia. "Usitikisike. Nakuja tuishushe wawili, tuishike fremu, ikiwa wima."

"Leo umekuwa mgeni wa kazi?" akasema kutoka chini ya paneli. "Si wewe uliyenifundisha? Ngata nene, kidevu juu, usitazame miguu. Maneno yako hayo, Kreni."

Maneno yangu kweli.

Miaka sita kabla, sikuwa mrusha droni. Nilikuwa kibarua wa kufunga paneli. Safu thelathini za kwanza zilikuwa rahisi, lori linasimama kando, watu wawili wawili wanapokea. Tulipofika zile nane za mwisho mvua ilikuwa imenyesha, mtaro umejaa tope, lori limekwama. Msimamizi akasema tungoje siku tatu pakauke. Mimi nikasema tungoje nini, nikasokota shati langu ngata, nikatwika ya kwanza, nikavuka. Wenzangu wakanishangilia, kisha nikawafundisha. Kwa siku mbili tulivusha zaidi ya paneli mia tatu kwa vichwa vyetu, na mimi peke yangu nilivusha zaidi ya mia. Hapo ndipo nilipopewa jina la Kreni. Nimelibeba kwa fahari miaka sita, hata kwenye simu za watu nimeandikwa hivyo.

Hakuna aliyetuambia kwamba kioo kinaweza kupinda kikarudi bila kuonyesha kitu, lakini seli zilizo ndani yake ni nyembamba, zinapata nyufa ambazo jicho halizioni. Kisha jua linazipasha mchana, usiku unazipoza, kesho tena, miaka sita, na nyufa zinakua taratibu mpaka kipande cha seli kinajitenga. Hayo nilikuja kuyasoma darasani. Nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama zote, na sikukumbuka kichwa changu mwenyewe.

Tukaishusha ile mpya. Nikapiga magoti mbele ya mbovu, nikaitazama kwa upande ili mwanga uilambe. Katikati, kwenye seli zile zile za nukta zangu, kulikuwa na michirizi myembamba ya kahawia, kama njia za konokono ukutani, inatoka pahali pamoja na kutawanyika. Michirizi hiyo hujitokeza juu ya nyufa za zamani, haitokei kwa wiki wala mwezi. Nikaweka kiganja changu pale. Palitosha ngata.

"Umeona nini?" fundi akauliza.

"Utosi wangu," nikasema. Akacheka, akadhani natania.

Sasa niseme ukweli ambao ningeweza kuuficha. Jumapili nzima nilikaa na sentensi nyingine kichwani, nzuri kabisa: "Chanzo hakijathibitika." Ingemwokoa Mama Povu, na mimi ningebaki na vituo vyangu vitatu. Na isingekuwa uongo mkubwa, maana kwa doa moja moja hakuna mtu anayeweza kuapa. Niliiandika, nikaifuta. Nikaiandika tena. Mke wangu alipita nyuma yangu akaisoma, akaenda kuanua nguo. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenigombeza. Nikaifuta mara ya mwisho.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mbele ya Injinia. Nikamweleza yote kwa mpangilio: mng'ao, kinyesi cha ndege, dayodi, kisha thelathini na tisa. Nikamtandazia karatasi ya nukta. Nikamwonyesha kwamba paneli za juu, ambazo mtu hawezi kuzifikia bila kutembea juu ya zile za chini, zina madoa sawa na za chini. Nikamwonyesha picha ya michirizi.

"Una uhakika?" akauliza.

"Kwa kila moja, hapana. Kwa thelathini na tisa zote kwa pamoja, ndiyo. Paneli ni aina moja, waoshaji ni wale wale, kilichotofautiana ni namna zilivyovushwa."

"Nani alizivusha?"

"Mimi. Na watu niliowafundisha."

Akazihesabu nukta kwa ncha ya kalamu. Injinia si mtu wa maneno mengi. Alisema waosha paneli wabaki kazini, paneli zilizobaki za ng'ambo zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kuanzia leo haibebwi paneli kichwani katika kituo chake, hata iwe moja. Kuhusu vituo vitatu, alisema tuviweke kando kwanza, na ripoti zangu zitapitiwa na mtu mwingine kwa miezi sita, kwa sababu ya ile ya Jumatano. Sikubisha. Hiyo ya Jumatano ndiyo iliyoniuma zaidi, kuliko hata ya mvua, maana wakati wa mvua sikujua.

Mama Povu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Buti zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, zimeoshwa zikang'aa, brashi imeegemezwa ukutani. Amri ya kuzirudisha ilikuwa haijafutwa, naye alikuwa amezileta mwenyewe. Nikaketi kando yake, ripoti mpya mkononi.

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema. "Nisomee pale penye waosha paneli."

Nikapekua kurasa zote mbele yake, moja moja, mpaka ya mwisho. "Hapapo, mama. Hamtajwi popote, ila kwamba mliosha vizuri siku ya ukaguzi."

Akautoa mguu mmoja kwenye kandambili, akaanza kuvaa buti, polepole, akikaza kamba kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Nikaigeuza ripoti mikononi, nikitafuta pa kuanzia kumwomba radhi. Alipomaliza buti la pili akaweka mikono juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Sasa nisomee pale penye jina lako."

Nikamsomea.